Gauni la Mama Mdogo: Kubadilisha Vazi la Mtu Mmoja Katikati ya Umati

Sherehe ya sendoff Dar es Salaam haikamiliki bila sare. Vikao vya familia hupanga rangi mapema, kitambaa hununuliwa Kariakoo kwa jora, kila shangazi na kila mama mdogo hupelekewa kipande chake akashone kwa fundi wake. Na karibu kila mara kuna ndugu mmoja ambaye kitambaa hakikumfikia. Amesafiri kutoka mbali, ameshuka basi usiku, asubuhi amevaa gauni zuri alilokuwa nalo. Picha ya pamoja inapigwa, wanawake wa familia wote ni kijani, naye peke yake ni mwekundu.

Wiki moja baadaye mpiga picha anapokea simu ya upande wa bibi harusi: "Kaka, huyu mama mdogo wetu mvalishe kijani kama wenzake. Yeye mwenyewe ndiye anayetaka. Lakini wengine usiwaguse." Ombi hilo lina sehemu mbili, na ya pili ndiyo ngumu. Programu za akili mnemba za kuchora picha zinaweza kutoa gauni la kijani kwa sekunde chache. Kuzifanya ziishie kwenye gauni hilo tu, bila kumgusa jirani aliyebanana naye bega kwa bega, kunahitaji mtu anayeelewa mashine inaona nini na haioni nini.

Njia inayotumika ni ya kuchora upya sehemu tu ya picha. Unafunika eneo unalotaka libadilike kwa maski, yaani alama inayoiambia programu "hapa chora, kwingine acha", kisha unaandika maneno ya kueleza kinachotakiwa kuonekana pale. Modeli huria ya Stable Diffusion ilitolewa Agosti 2022, na kazi hii ilienea kwa watu wa kawaida wenye kompyuta nzuri. Mei 2023 kampuni ya Adobe ikaingiza kitu cha namna hiyo ndani ya toleo la majaribio la Photoshop kwa jina la Generative Fill. Tangu hapo studio ndogo nazo zimeingia kwenye kazi hii, na malalamiko ya wateja yamekuja nayo: jirani amebadilika rangi ya mtandio, mkono umeota kidole cha sita, sura ya babu aliyesimama nyuma si sura yake.

Tuchukue picha moja na kuifuata hadi mwisho. Ina upana wa pikseli 6000 na urefu wa pikseli 4000, kama zitokavyo kamera nyingi za kazi. Watu ni 22, wamepangwa safu tatu. Mama mdogo yuko safu ya kati, wa tatu kutoka kulia. Gauni lake jekundu ni la satini, la mikono mifupi. Sare ya wenzake ni satini ya kijani kibichi, mikono ya robo tatu, yenye nakshi ya dhahabu shingoni. Jirani wa kushoto amemwekea mkono begani. Mbele yake amesimama mtoto ambaye kichwa chake kinaziba pindo la gauni. Sehemu ya gauni inayoonekana ina upana wa pikseli zipatazo 500 na urefu wa pikseli 900.

Kosa la kwanza la watu wengi ni kuipa mashine kazi ya kumtafuta mhusika. Wanapaka maski pana, wanaandika kwa Kiingereza "badilisha gauni jekundu la mwanamke wa tatu kutoka kulia liwe la kijani", kisha wanashangaa. Modeli za aina ya Stable Diffusion hazisomi maneno kama agizo. Zilifundishwa kwa picha zilizoambatana na maelezo yake, kwa hiyo zinachukua sentensi yako kama maelezo ya picha iliyokwisha kuwapo. Neno "badilisha" halina picha yake. "Wa tatu kutoka kulia" ni hesabu, na hesabu ni udhaifu wake mkubwa. Linalobaki ni "nyekundu", "gauni", "mwanamke" na "kijani", na mashine itajitahidi kuvipata vyote vinne ndani ya eneo ulilofunika. Matokeo yake huwa gauni lenye mabaka mekundu na ya kijani, au mwanamke mwingine mzima aliyechorwa kifuani mwa mama mdogo.

Sababu iko katika namna modeli inavyounganisha maneno na picha. Inapochora, kila sehemu ndogo ya picha huyapima maneno yote ya maelezo na kuamua lipi linaihusu zaidi. Hakuna ukuta kati ya neno na mtu. Ukiandika "kijani", kila kitambaa kilichomo kwenye eneo lililo wazi kinavutwa kuelekea kijani, kiwe cha mama mdogo au cha jirani. Mashine haina orodha ya watu 22 ambayo ndani yake mmoja anaitwa mama mdogo. Ina maumbo na rangi zilizopakana tu. Basi swali la "nani" linajibiwa na maski pekee, na maneno yanajibu swali la "nini". Anayelishika hilo ameshaondoa nusu ya matatizo, kwa sababu ataacha kurekebisha sentensi pale ambapo kilichopotoka ni mpaka wa maski.

Ndiyo maana kazi huanzia kwenye maski, na muda mwingi huishia hapo. Zamani wengi walizungusha brashi kwa mkono. Tangu Aprili 2023, kampuni ya Meta ilipotoa modeli inayoitwa Segment Anything, unaweza kubofya nukta moja kwenye gauni na programu ikakukatia umbo lake. Lakini nukta moja ina utata: je, unataka gauni, au mtu mzima, au kundi zima? Modeli hiyo inajua kuna utata, na kwa mbofyo mmoja hutoa mapendekezo matatu ya ukubwa tofauti. Kwenye picha ya watu waliosongamana usikubali la kwanza kwa haraka. Chagua lenye gauni tu, kisha ongeza nukta za kukataa: moja juu ya mkono wa jirani ulio begani, moja juu ya kichwa cha mtoto, moja kwenye mkufu. Kila nukta ya kukataa huisukuma maski irudi nyuma kutoka kwenye kitu kisichohusika.

Ziko pia programu zinazotafuta umbo kwa neno. Unaandika `dress`, nazo zinatafuta gauni. Kwa picha ya mtu mmoja zinafaa sana. Kwa picha yetu zitaleta magauni yote ya wanawake waliopo, kwa kuwa yote ni magauni kweli. Hapa nukta ya mkono inashinda neno.

Maski ikishapatikana, ikuze picha hadi asilimia 200 na uzunguke ukingo wote kwa macho. Mambo mawili yanahitaji mkono wako. La kwanza ni kwamba maski lazima ifuate umbo la vazi jipya, siyo la zamani. Gauni jekundu lina mikono mifupi, sare ina mikono ya robo tatu. Kwa hiyo ngozi ya mikono ya mama mdogo, kutoka ukingo wa mkono wa gauni hadi kati ya kiwiko na kifundo, lazima iingie ndani ya maski, la sivyo mashine haina mahali pa kuchora mkono mrefu na itakuletea gauni la kijani la mikono mifupi hata uandike nini. Kuongeza kitambaa juu ya ngozi ni kazi nyepesi. Kinyume chake, kupunguza mikono ya gauni, hulazimisha mashine kubuni mkono wa mtu ambao haijawahi kuuona, na mkono huo hautakuwa wake.

La pili ni ukingo wenyewe. Fundi rangi wa magari anapobandika magazeti kwenye vioo kabla ya kupuliza, gazeti likipanda juu ya bodi hata kwa unyuzi, rangi ya zamani itaonekana daima. Hapa pia ni hivyo. Maski ikiishia ndani kidogo ya gauni, utabaki mstari mwembamba mwekundu kuzunguka kijani chote. Isogeze nje kwa pikseli nne au tano pale inapopakana na mandhari ya nyuma, lakini usiisogeze inapopakana na ngozi au nguo ya jirani. Kisha ulainishe ukingo. Katika programu maarufu ya AUTOMATIC1111, kipimo cha kulainisha kinaitwa `Mask blur` na huanza na 4. Kwa picha ya pikseli 6000 hicho ni kidogo, na 8 hadi 12 huleta muungano usiokata. Ukizidisha sana, ukungu wa kijani utavuja kwenye vidole vya jirani.

Vidole hivyo vinastahili neno lao. Mkono ulio begani una nafasi kati ya kidole na kidole, na katika nafasi hizo kitambaa chekundu kinaonekana. Ukiukata mkono wote nje ya maski, utabakiwa na vijistari vyekundu. Ukijaribu kuingiza vijistari hivyo kwenye maski, mashine itaona vipande vya vidole pembeni na kuanza kuchora vidole vingine. Hapa ushauri wangu ni kuiacha mashine kabisa. Vipake vijistari hivyo kwa brashi ndogo ya kawaida, kwa rangi iliyochukuliwa kwenye gauni jipya, baada ya kila kitu kingine kukamilika. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo huamua kama picha itaaminika.

Sasa tunafika kwenye hatua ambayo wengi hawaijui, nayo ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na bandia inayoonekana wazi. Ni suala la ukubwa. Stable Diffusion haichori pikseli mojamoja. Kwanza inaigeuza picha kuwa gridi ya vyumba, kila chumba kikibeba eneo la pikseli 8 kwa 8, na kuchora kunafanyika kwenye vyumba hivyo. Ukiipa picha nzima, italazimika kwanza kupunguzwa hadi ukubwa ambao modeli inaumudu, tuseme upana wa pikseli 1024. Gauni la mama mdogo lililokuwa na pikseli 500 kwa 900 linabaki na takribani 85 kwa 154, yaani vyumba 10 kwa 19. Nakshi ya dhahabu ya shingoni inaingia kwenye chumba kimoja au viwili. Hakuna modeli inayoweza kushona nakshi ndani ya chumba kimoja. Utapata doa la njano.

Dawa ni kuiambia programu ikate kipande kinachozunguka maski, ikikuze, ichore ndani yake, kisha ikipunguze na kukirudisha mahali pake. Katika AUTOMATIC1111 unachagua `Only masked` badala ya `Whole picture`, na unaweka `Only masked padding, pixels`, yaani upana wa ukanda unaoachwa kuzunguka maski ili mashine ione mazingira. Tukiweka 96 kila upande, kipande chetu kinakuwa 692 kwa 1092. Tukiitaka programu ichore kwa 832 kwa 1216, ukubwa unaokubalika na modeli ya SDXL iliyotolewa Julai 2023, kipande kinapanuliwa kidogo pembeni ili uwiano ulingane, kinafika kama 747 kwa 1092, kisha kinakuzwa. Gauni sasa lina vyumba 70 kwa 125 vya kuchorewa. Kutoka vyumba 190 tumefika zaidi ya 8,700. Nakshi itaonekana, mikunjo ya satini itaonekana, na picha yako inabaki na pikseli zake 6000.

Ukanda ule wa pembeni usiuchukulie kirahisi. Kipimo cha awali ni 32, na kwa gauni kubwa kama hili ni kidogo mno. Mashine ikiona kitambaa tu bila kidevu, bega wala kiuno cha mtu, haijui kwamba kile ni kifua cha mtu aliyesimama. Inasoma maneno "mwanamke aliyevaa gauni" na kuchora mwanamke mzima, mdogo, ndani ya kifua. Ukikutana na kioja hicho usikimbilie kubadilisha maneno. Panua ukanda mpaka uso na shingo ya mhusika vionekane. Lakini usiupanue hadi uingize watu watano, maana utarudi kwenye tatizo la ukubwa, na sare za majirani zitaanza kuivuta mashine. Katika kisa chetu, kwa bahati nzuri, mvuto huo unasaidia: majirani wamevaa kijani tunachokitaka, na mashine hupenda kulinganisha inachochora na kilicho jirani. Kama ingekuwa kinyume, yaani tunataka yeye awe mwekundu kati ya wenye kijani, ukanda mpana ungetupinga.

Maneno sasa yanakuwa mafupi, kwa sababu maski na kipande vimeshajibu mengi. Yaandikwe kuhusu kipande hicho tu, kana kwamba ndiyo picha nzima. Usitaje sherehe, umati, wala nafasi ya mtu kwenye safu. Ukitaja umati, mashine itatafuta pa kuuweka, na pa kuuweka ni ndani ya gauni. Na yaandikwe kwa Kiingereza, kwa kuwa sehemu ya modeli inayosoma maneno ilijifunza zaidi kwa lugha hiyo:

```
a middle-aged woman wearing a long emerald green
satin dress, three-quarter sleeves, gold embroidery
at the neckline, soft afternoon daylight
```

Angalia kilichotajwa: mtu mmoja, kitambaa, rangi, urefu wa mikono, nakshi na mahali pake, mwanga. "Mwanamke wa makamo" limo ili kitambaa kikae kwenye mwili wa rika lake, maana ukiandika "mwanamke" peke yake modeli huelekea kwenye miili ya wanamitindo na itampunguza kiuno mama wa watu. Hilo ni kosa la kweli, tena la kuumiza, na mhusika huliona kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwanga nao umetajwa kwa sababu jua la picha yetu ni la alasiri. Usipoutaja, mara nyingi unaletewa mng'ao wa studio usiofanana na wa majirani. Neno `red` lisionekane popote kwenye maelezo haya. Liweke kwenye kisanduku cha `Negative prompt`, pamoja na `hands, face`, ili mashine ikae mbali navyo.

Kinachofuata ni nguvu ya mabadiliko, `Denoising strength`, inayokwenda kutoka 0 hadi 1. Kwa 0 picha haibadiliki, kwa 1 mashine inasahau kilichokuwapo. Hapa kuna mvutano wa kweli. Kwa 0.4 gauni linabaki jekundu, kwa sababu rangi ya asili ina nguvu kuliko neno lako. Kwa 0.9 rangi inakuwa ya kijani kabisa, lakini mikunjo ya kitambaa, kivuli cha mkono wa jirani, na jinsi gauni lilivyoshika mwili wake halisi vyote vimepotea, na mama mdogo amevalishwa mwili wa mtu mwingine.

Mafundi wazoefu huuvunja mvutano huo kwa kuipunguzia mashine kazi. Kabla ya kuipa picha, wanapaka kijani juu ya gauni jekundu kwa brashi ya kawaida ndani ya GIMP au Photoshop, kwenye tabaka jipya lililowekwa katika hali ya `Color`. Hali hiyo inabadilisha rangi na kuacha mwanga na kivuli vilivyo. Kwenye mikono wanapaka kijani cha kawaida kuziba ngozi hadi robo tatu. Shingoni wanachora mstari wa dhahabu, hata kama ni wa hovyo. Kisha picha hiyo ndiyo inaingizwa kwenye mashine, `Masked content` ikiwa kwenye `original`, na nguvu ikiwa kati ya 0.5 na 0.6. Mashine sasa haibishani na nyekundu. Inakuta kijani tayari, mikunjo tayari, na kazi yake ni kugeuza mpako wa brashi kuwa kitambaa. Mwambie itoe picha nne, chagua moja ambayo kivuli cha mkono begani kimebaki.

Hapo ndipo msomaji makini atauliza: kama rangi inaweza kubadilishwa kwa brashi, mashine ya nini? Swali ni la haki. Kama gauni la mama mdogo lingekuwa na mshono uleule wa sare na tofauti ikawa rangi tu, jibu langu ni kwamba akili mnemba isiguswe kabisa. Maski nzuri na tabaka la rangi vinatosha, na matokeo yatakuwa ya kweli zaidi kwa sababu kila mkunjo ni wa kitambaa alichokivaa. Mashine inahitajika pale umbo linapobadilika, kama mikono, shingo na nakshi.

Na kuna mahali mashine inashindwa kabisa, nako ni kwenye kitenge. Sare ikiwa ya kitenge chenye maua ya namna fulani, hakuna maneno yatakayoleta maua yaleyale. Mashine itabuni kitenge chake, kizuri pengine, lakini akisimama kati ya wenzake watano wenye kitenge halisi, jicho linakwenda kwake moja kwa moja. Zipo njia za kuionyesha mashine picha ya mfano, mojawapo ikiitwa IP-Adapter, ambazo huleta rangi na aina ya maua karibu, lakini haziyanakili ua kwa ua. Kwa kitenge na kanga, njia ya kuaminika ni ya zamani: piga picha ya kitambaa chenyewe kwa mwanga unaofanana, kiwekee juu ya gauni, kikunje kufuata mwili, na mikunjo ya asili iachwe ionekane kupitia juu yake.

Picha ikikamilika, kabla ya kumtumia mteja, thibitisha kwamba wengine hawajaguswa. Jicho peke yake halitoshi. Kugeuza picha kuwa vyumba na kuirudisha kuwa pikseli hubadilisha kila kitu kidogo, hata nje ya maski, na nyuso ndogo za safu ya nyuma ndizo huharibika kwanza. Programu kama AUTOMATIC1111 hubandika tena pikseli za asili nje ya maski. Nyingine haziwezi au hazifanyi. Modeli mpya za kuhariri kwa maneno matupu bila maski hutoa picha nzima upya, na hapo uso wa mtu wa safu ya tatu unaweza kusogea kidogo kuwa uso wa mtu mwingine. Kipimo ni chepesi. Weka picha mpya juu ya ya asili katika hali ya `Difference`, au kama una ImageMagick andika:

```
magick asili.png mpya.png -compose difference -composite tofauti.png
```

Palipo sawa panakuwa peusi tititi, palipobadilika panang'aa. Ongeza mwangaza wa picha hiyo ya tofauti, kwa sababu mabadiliko madogo hujificha kwenye giza. Unachotaka kuona ni umbo la gauni likielea peke yake kwenye weusi. Ukiona nyuso hafifu za watu wengine, chukua picha mpya, iweke juu ya ya asili kama tabaka, na uache ionekane kwenye umbo la maski tu. Fanya kazi hii yote kwa faili za PNG au TIFF, kwa kuwa JPEG ikihifadhiwa tena huacha chembe za tofauti kila mahali na kipimo hakisemi kitu.

Mambo mawili hubaki baada ya hapo. Gauni jipya huwa laini kupita kiasi. Kamera iliacha chembechembe kwenye picha nzima, lakini sehemu iliyochorwa haina, na kwa ukubwa wa asilimia 100 inaonekana kama imepakwa plastiki. Ongeza chembechembe kidogo kwenye gauni hadi zifanane na za jirani. La pili ni mwako. Satini nyekundu iliangaza wekundu wake chini ya kidevu cha mama mdogo na kwenye kiwiko cha jirani, na wekundu huo uko nje ya maski. Mtazamaji hatajua tatizo ni nini, ila atahisi kitu hakikai sawa. Punguza ukali wa rangi hapo kwa brashi laini. Ni mguso pekee nje ya gauni ninaouona una uhalali, nao mteja aambiwe.

Kuhusu ruhusa, katika kisa chetu mama mdogo ndiye aliyeomba, na hilo ndilo linaloifanya kazi hii iwe halali kwa dhamiri. Zana hizihizi, maski ileile na maneno mengine, hutumika kumvua mtu nguo au kumvalisha asichokivaa kamwe. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Ombi likitoka kwa kamati, kwa shemeji, au kwa bibi harusi mwenyewe, mpigie simu anayevaa gauni. Akisema hapana, kazi imeishia hapo, hata kama malipo yameshatumwa. Akikubali, mwonyeshe yeye kwanza kabla ya picha kwenda kwenye kundi la familia, na mkabidhi mteja faili mbili zenye majina yanayoeleweka: ile iliyohaririwa, na ile ya asili ambayo ndani yake mama mdogo bado ni mwekundu.